Ufadhili, Kazi ya Likizo na Kiwango cha Mwaka Kisichotozwa Kodi

Maelezo yaliyotolewa mbele ya wazazi na wanafunzi wa vyuo, Kolo, Wilaya ya Kondoa

Tumekuja kuzungumza juu ya jambo moja tu, nalo limetokana na maswali tuliyoulizwa na wazazi wa vijiji vilivyo kando ya barabara hii ya Dodoma kwenda Babati. Mzazi mmoja alitueleza kwamba binti yake, aliyeko chuoni Dodoma na anayelipiwa ada na mfadhili, alipata kazi ya miezi mitatu ya kutunza hesabu katika kiwanda cha kukamua alizeti. Baba akamkataza kuipokea. Aliamini kwamba mshahara ukijumlishwa na fedha ya ufadhili, binti atavuka kiwango cha kodi, serikali itachukua sehemu ya ada yake, na mwisho wa yote atafukuzwa chuo kwa deni. Kazi ile ikachukuliwa na mtu mwingine.

Baba yule hakuwa mzembe. Alifanya hesabu kwa uangalifu, ila alijumlisha vitu visivyojumlishwa. Tungependa leo tuifanye hesabu hiyo pamoja nanyi, kwa shilingi na kwa miezi, ili kila mmoja aone mahali ilipopotoka.

Tuanze na ufadhili wenyewe. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, ina jedwali linaloorodhesha mapato yaliyosamehewa kodi. Humo umetajwa ufadhili au ruzuku ya elimu inayotolewa kwa ajili ya ada au karo ya masomo ya muda wote katika taasisi ya elimu. Tafadhali yasikilizeni maneno hayo polepole, kwa maana kila moja lina kazi yake. Fedha iwe ya ada au karo. Masomo yawe ya muda wote. Mahali pawe ni taasisi ya elimu. Masharti hayo yakitimia, fedha hiyo haitozwi kodi, iwe ni laki tano au milioni tano. Tena, na hapa ndipo alipoteleza mzazi wetu, fedha iliyosamehewa haiingizwi kabisa katika hesabu ya mapato ya mwaka. Haiwekwi kwanza kwenye mizani kisha ikatolewa, haipandi mizani. Kwa hiyo haiwezi kumsukuma mwanafunzi avuke kiwango chochote.

Wengi hupokea, pamoja na ada, fedha ya kujikimu: chakula, pango, vitabu, nauli. Fedha hii haikutajwa katika maneno ya msamaha tuliyoyasoma, na ni haki yenu kulijua hilo. Lakini kutotajwa huko si kutozwa. Kodi ya mapato hutozwa juu ya mapato ya aina tatu: ya ajira, ya biashara na ya uwekezaji. Mfadhili akimpa kijana fedha ya chakula bila kumdai kazi yoyote, hapo hakuna ajira wala biashara. Na zawadi ya namna hiyo nayo imesamehewa katika jedwali lile lile. Mambo hubadilika pale fedha inapotolewa kwa sababu ya kazi. Mwanafunzi wa shahada ya pili anayelipwa kila mwezi kwa kusahihisha mitihani au kumsaidia mhadhiri katika utafiti anapokea ujira, hata kama barua aliyopewa imeandikwa "ufadhili" kwa herufi kubwa. Sheria huangalia fedha imelipiwa nini, haiangalii imepewa jina gani. Basi mnapopokea barua ya ufadhili, mwombeni mtoaji aandike waziwazi ni kiasi gani cha ada, ni kiasi gani cha kujikimu, na kama mwanafunzi anatakiwa kufanya kazi yoyote ili apate fedha hizo. Barua yenye sentensi hizo tatu itamwokoa mwanafunzi na maelezo mengi baadaye.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni habari nyingine kabisa. Mkopo si mapato, kwa kuwa utarudishwa. Mhitimu akiajiriwa, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wake na kuipeleka Bodi. Makato hayo ni malipo ya deni. Tumewaona wahitimu wanaoyasoma kwenye hati ya mshahara wakadhani wametozwa kodi mara mbili, sivyo.

Sasa tuje kwenye mshahara. Kwa mtu anayeishi Tanzania, shilingi 3,240,000 za kwanza alizopata katika mwaka hazitozwi kodi ya mapato. Kiwango hiki kilipandishwa kuanzia Julai 2020. Kabla ya hapo kilikuwa shilingi 2,040,000. Kinachozidi 3,240,000 hadi kufikia 6,240,000 hutozwa asilimia 8, nayo ni asilimia iliyopunguzwa kutoka 9 mwezi Julai 2021. Juu ya hapo kuna ngazi nyingine za asilimia 20, 25 na 30, na kila asilimia hutozwa kwa sehemu inayoangukia ngazi yake tu. Anayezidisha shilingi elfu kumi juu ya kiwango cha kwanza hulipa shilingi 800; milioni tatu na ushei zilizo chini haziguswi. Tunasema hivi kwa sababu tumesikia watu wakikataa nyongeza ya mshahara kwa hofu ya "kuingia kwenye kodi", kana kwamba kuna lango ambalo ukilipita unatozwa kwa kila kilichomo mfukoni.

Mwaka unaohesabiwa ni wa kalenda: Januari hadi Desemba. Hesabu za serikali huanza Julai, na masomo ya vyuo huanza karibu na Oktoba au Novemba, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuchanganyikiwa. Kwa kodi yake yeye, ahesabu kuanzia Januari.

Lakini mwajiri hakati kodi mara moja kwa mwaka. Hukata kila mwezi, na kwa ajili hiyo hutumia jedwali la mwezi, ambalo ni lile la mwaka lililogawanywa kwa 12. Gawanyeni 3,240,000 kwa 12, mtapata 270,000. Mshahara wa mwezi usiozidi 270,000 haukatwi kitu. Kuanzia hapo hadi 520,000 hukatwa asilimia 8 ya kinachozidi 270,000. Kuanzia 520,000 hadi 760,000 hukatwa shilingi 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Makato haya kwenye hati ya mshahara huandikwa PAYE.

Kwa mtu anayefanya kazi mwaka mzima kwa mshahara ule ule, mwezi na mwaka hukubaliana. Chukueni anayebakiwa na shilingi 350,000 kila mwezi baada ya mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii. Kila mwezi hukatwa asilimia 8 ya 80,000, yaani 6,400. Kwa miezi 12 ni 76,800. Mkifanya kwa mwaka, mapato yake ni 4,200,000, yamezidi kiwango kwa 960,000, na asilimia 8 yake ni 76,800. Hakuna kilichozidi wala kupungua.

Mwanafunzi hafanyi kazi mwaka mzima. Hufanya kazi miezi mitatu na kukaa darasani tisa. Jedwali la mwezi halilijui hilo. Linamwona Julai na kudhani kwamba atapata vivyo hivyo mpaka Desemba, na kwamba alikuwa akipata vivyo hivyo tangu Januari. Hapo ndipo mwanafunzi anapokatwa kodi ambayo, kwa hesabu ya mwaka, hakupaswa kuilipa.

Tufanye hesabu ya mwanafunzi wa mfano. Tuseme ni binti wa hapa Kolo, yuko mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dodoma, na mfadhili humlipia ada moja kwa moja chuoni. Kuanzia Februari hadi Juni, kwa miezi mitano, alifundisha jioni katika kituo cha masomo ya ziada mjini Dodoma kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Julai, Agosti na Septemba alirudi nyumbani akaajiriwa kutunza hesabu za kiwanda cha alizeti, kwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Desemba aliwaongoza wageni waliokuja kuona michoro ya miambani, wakamlipa wenyewe, jumla shilingi 400,000. Katika kazi hiyo alitumia 60,000 kwa nauli za bodaboda na vocha za simu.

Waajiri wote wawili walimkata asilimia 10 kwa ajili ya NSSF. Mchango huo hutolewa kwanza, kisha kodi hukokotolewa kwa kinachobaki. Hili nalo husahauliwa na baadhi ya waajiri wadogo, wakakokotoa kodi juu ya mshahara wote, kwa hiyo litazameni. Kwa kituo cha masomo alibakiwa na 135,000 kwa mwezi. Iko chini ya 270,000, hakukatwa kodi. Kwa kiwanda alibakiwa na 540,000. Kodi yake ni 20,000, kuongeza asilimia 20 ya zile 20,000 zinazozidi 520,000, yaani 4,000. Jumla 24,000 kwa mwezi, na kwa miezi mitatu 72,000. Mwajiri hakukosea hata kidogo. Alifuata jedwali, na lau angeacha kukata, angedaiwa yeye.

Sasa tuutazame mwaka wake wote. Kituo cha masomo: mara tano 135,000, ni 675,000. Kiwanda: mara tatu 540,000, ni 1,620,000. Kuongoza wageni: 400,000 kutoa gharama za 60,000, ni 340,000. Jumla ni 2,635,000. Ada iliyolipwa na mfadhili haimo, kama tulivyoeleza. Kiwango ni 3,240,000. Hajakifikia, amebakiza 605,000. Kodi yake ya mwaka ni sifuri, na tayari serikali inazo 72,000 zake.

Mtatuuliza: je, kama kiwanda kingempa kazi ile ile kwa nusu siku, kwa miezi sita badala ya mitatu? Mkizigawa zile 1,620,000 kwa miezi sita, kila mwezi ni 270,000 kamili, na makato ni sifuri. Fedha ni zile zile na mtu ni yule yule. Tunalieleza hili ili mwone chanzo cha tofauti, na hatumshauri mtu kuandika miezi ambayo hakufanya kazi. Hiyo ni taarifa ya uongo, na ina adhabu yake.

Zile 72,000 hazirudi zenyewe. Tunataka hili lieleweke vizuri. Mtu ambaye mapato yake ni ya ajira tu, na mwajiri amekwisha kata kodi, kwa kawaida halazimiki kuwasilisha ritani ya mapato. Na asiye na kodi ya kulipa kwa mwaka naye halazimiki mpaka aombwe. Kanuni hiyo iliwekwa kuwapunguzia watu usumbufu. Kwa mwanafunzi aliyekatwa zaidi ina upande wa pili: asipowasilisha chochote, hakuna ofisi itakayojumlisha miezi yake na kugundua kwamba anadai. Yeye ndiye anayejua kwamba alifanya kazi miezi mitatu tu. Lazima aseme.

Ili aseme, anahitaji kwanza Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, yaani TIN. Namba hii hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania bila malipo yoyote, na huombwa kwa kutumia namba ya kitambulisho cha taifa. Yeyote anayewatoza fedha kwa ajili ya TIN anawauzia kinachotolewa bure. Aipate namba hiyo kabla ya kuanza kazi na kumpa mwajiri, ili makato yapelekwe kwa jina lake tangu mwezi wa kwanza. Makato yaliyopelekwa bila TIN ya mwenyewe ni vigumu sana kuyadai. Tumewaona vijana wenye madai ya haki kabisa wakizungushwa mwaka mzima kwa sababu ya kosa hilo moja.

Anahitaji pili hati ya kodi iliyozuiliwa, inayoonyesha alilipwa kiasi gani na alikatwa kodi kiasi gani. Mwajiri anawajibika kisheria kuitoa. Kwa mfanyakazi aliyeondoka kabla ya mwaka kwisha, anapaswa kupewa ndani ya siku 30 tangu alipoacha kazi. Kwa binti wa mfano wetu, aliyemaliza Septemba, hiyo ina maana mwezi wa Oktoba. Ushauri wetu ni kuiomba siku ya mwisho ya kazi, pamoja na hati za mshahara za miezi yote, wakati mhasibu bado anakumbuka sura yako. Ukirudi mwakani utakuta mhasibu mwingine, au utakuta kiwanda kimefungwa mpaka msimu wa alizeti.

Mwaka ukishakwisha, atajumlisha kama tulivyofanya hapa, atawasilisha ritani ya mapato katika miezi sita inayofuata, yaani kabla ya Juni kwisha, na ataomba kwa maandishi arejeshewe kilichozidi. Ritani huwasilishwa kwa mtandao, katika akaunti ya mlipakodi. Ofisi itazilinganisha hati zake na kumbukumbu za makato yaliyopokelewa kutoka kwa mwajiri. Kama analo deni jingine la kodi, kilichozidi kinaweza kufidia deni hilo kwanza. Haki ya kudai ina ukomo wa muda, kwa hiyo asiiweke kabatini mpaka amalize chuo.

Tuwe wakweli kwenu. Dai la shilingi 72,000 linaweza kumezwa na nauli ikiwa mtu atasafiri kutoka Kolo kwenda mjini mara tatu au nne kufuatilia. Ndiyo maana tunasisitiza mtandao, na tunasisitiza hati zikusanywe mapema. Mwanafunzi yuko Dodoma muda mwingi wa mwaka; afuatilie akiwa huko, asisubiri kurudi likizo. Na kama kilichozidi ni shilingi elfu tatu au nne, sisi wenyewe hatutamlaumu anayeamua kuziacha.

Lipo jambo moja linalofanya kiasi kinachozidi kiwe kikubwa zaidi, nalo ni kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kiwango cha 270,000 kwa mwezi hutumika kwa ajira kuu peke yake. Mwajiri wa ajira ya pili hatakiwi kutumia ngazi; hukata asilimia 30 kuanzia shilingi ya kwanza. Turudi kwa binti yetu. Tuseme kituo cha masomo kilimwomba aendelee kuwafundisha wanafunzi wake kwa njia ya simu mwezi Julai na Agosti, kwa malipo yale yale, huku akiwa kiwandani. Ajira kuu sasa ni kiwanda. Kituo kitamkata asilimia 30 ya 135,000, yaani 40,500 kila mwezi, ingawa kuanzia Februari hadi Juni hakikumkata hata senti. Kwa miezi miwili ni 81,000.

Mapato yake ya mwaka yataongezeka kwa 270,000 na kufika 2,905,000. Bado yako chini ya 3,240,000. Kodi yake ya mwaka bado ni sifuri, lakini aliyokwisha katwa ni 72,000 kuongeza 81,000, jumla 153,000. Kwa mwanafunzi hiyo ni pango la miezi kadhaa. Asilimia 30 iliwekwa kwa kudhani kwamba mwenye ajira mbili amekwisha kutumia kiwango chake kisichotozwa katika ajira ya kwanza. Kwa mfanyakazi wa kudumu dhana hiyo mara nyingi ni sahihi. Kwa mwanafunzi wa likizo, mara nyingi si sahihi, na ritani ndiyo njia ya kuirekebisha. Msimfiche mwajiri wa pili kwamba mna ajira nyingine ili mwepuke makato. Makato yanayodaiwa kwa njia halali yanarudishwa. Taarifa iliyofichwa hugeuka kosa.

Kuhusu kazi ya kuongoza wageni, ambayo vijana wengi wa hapa huifanya tangu michoro yetu iingizwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2006: hiyo si ajira, ni biashara ndogo, kwa sababu kijana hana mwajiri. Mtu ambaye mapato yake yote ni ya biashara ndogo za namna hiyo, na mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi 4,000,000, hatozwi kodi ya mapato katika utaratibu wa wafanyabiashara wadogo. Lakini utaratibu huo ni wa mwenye mapato ya biashara peke yake. Akiwa na mshahara pia katika mwaka huo huo, faida ya biashara hujumlishwa na mshahara na kupimwa kwa kiwango cha 3,240,000, kama tulivyofanya kwa binti yetu. Ndiyo sababu tuliandika gharama zake za nauli na vocha. Daftari la senti hamsini, lenye tarehe, kiasi kilichoingia na kilichotoka, linatosha. Lakini liandikwe siku ile ile.

Kabla ya kupokea maswali, tuseme neno juu ya makato yasiyo kodi yanayoitwa kodi. Tumeletewa malalamiko ya vijana waliolipwa shilingi 200,000 kwa mwezi, wakakatwa 20,000, wakaambiwa "hiyo ni kodi ya serikali". Fanyeni hesabu mliyoijua leo. Shilingi 200,000 iko chini ya 270,000. Kama hiyo ndiyo ajira yako pekee, haiwezi kuwa na PAYE. Huenda ile 20,000 ni mchango wa NSSF, kwa kuwa ni asilimia 10 kamili. Basi muulize mwajiri namba yako ya uanachama, kisha uulize katika ofisi ya NSSF kama mchango umefika. Kama hakuna namba, hakuna hati, na jibu ni "kodi" tu, basi fedha hiyo imebaki mfukoni mwa mtu. Hapo chukua hati yoyote uliyonayo, hata ujumbe wa malipo kwenye simu, uende nao ofisi ya Mamlaka ya Mapato kuuliza kama kuna makato yaliyopokelewa kwa TIN yako mwezi huo. Jibu la swali hilo hupatikana kwa kumbukumbu, si kwa ubishi.

Tuliulizwa na mama mmoja aliyekaa mbele: "Na kama mwanangu atavuka kweli hizo milioni tatu na laki mbili, mfadhili ataacha kumlipia?" Tulimjibu kwamba hayo ni mambo mawili. Kwa upande wa kodi, akivuka kwa shilingi 200,000 atalipa 16,000, na ada yake haitaguswa. Kwa upande wa mfadhili, baadhi yao huweka sharti lao wenyewe kwamba mwanafunzi asifanye kazi ya kulipwa, au asizidishe saa fulani. Sharti hilo haliko katika sheria ya kodi. Liko katika barua ya ufadhili, na huko ndiko pa kulitafuta kabla ya kusaini mkataba wa kazi.

Mzee mwingine aliuliza kama viwango hivi vitabaki. Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka mwezi Juni, na mabadiliko ya kodi kwa kawaida huanza kutumika Julai mosi. Hivyo anayefanya kazi ya likizo ya Julai hadi Septemba aangalie jedwali jipya, asitegemee lile aliloonyeshwa na kaka yake mwaka juzi.

Na yule mzazi tuliyeanza naye alikuwepo. Aliuliza kama kiwanda cha alizeti bado kinahitaji mtu wa hesabu msimu ujao. Hilo hatukuwa na jibu lake, ila binti yake aliyekuwa ameketi nyuma tayari alikuwa na namba yake ya kitambulisho cha taifa mkononi, na tulimwonyesha hapo hapo namna ya kuombea TIN.